Kasongo Tongoni: maombolezo ya mji uliokuwa



Tufungue Biblia zetu katika Ezekieli sura ya 27. Mungu anamwagiza nabii afanye kazi ngumu: atunge maombolezo kwa ajili ya Tiro. Tiro haikuwa Yerusalemu wala mji wa watu wa Mungu. Ulikuwa mji wa wafanyabiashara pembeni mwa bahari, mji wenye kiburi, na sura inayofuata inasema wazi kwamba hukumu yake ilikuwa imekwisha kukatwa. Hata hivyo Mungu anataka mji huo uombolezwe. Namna nabii anavyouombolezea inashangaza. Anahesabu mali: fedha, chuma, nguo za rangi, farasi, ngano, asali, pembe za tembo. Sehemu kubwa ya sura ni kama daftari la duka. Katikati ya daftari hilo, mstari wa 13, zimeandikwa nafsi za wanadamu, kana kwamba nazo ni bidhaa kama vyombo vya shaba.

Leo tunataka kuufanyia mji wetu kazi hiyohiyo. Tunataka kuiombolezea Kasongo ya zamani kwa kusoma daftari lake, tukianza na mahali mji ulipokuwa.

Mahali penyewe panaitwa Tongoni. Kasongo tunayoishi leo, yenye ofisi za Serikali, makanisa na misikiti, sipo mahali ulipokuwa mji wa Tippu Tip. Ule wa kwanza uliachwa, na watu wakapaita Kasongo Tongoni. Kila mkulima anajua tongo ni nini. Ni mahali watu walipokaa wakapahama, pori likaparudia. Huko pwani ya Tanganyika, karibu na Tanga, kuna mahali pengine panaitwa Tongoni, na kuna magofu ya msikiti na makaburi ya mawe. Jina ni lilelile na sababu ni ileile. Waliolitamka jina hilo huku kwetu walijua wanasema nini: mji huu umekuwa tongo.

Lakini Tongoni ya pwani ina kuta za mawe mpaka leo, na yetu haina. Nyumba za Kasongo zilijengwa kwa udongo na miti, zikaezekwa kwa nyasi, hata zile kubwa zenye vyumba vingi na baraza. Nyumba ya udongo inaishi kwa sababu ya paa lake. Paa likiungua au likioza na asiwepo wa kuezeka, mvua ya kwanza inachimba mifereji ukutani, ya pili inaangusha pembe za ukuta, na baada ya misimu michache unabaki mwinuko wa udongo ambao mgeni ataudhania kichuguu. Tongo linatambulika kwa mambo mengine: udongo mweusi mahali pa jiko, vigae vya vyungu vinavyoinuka jembe linapopita, miti ya matunda isiyoota yenyewe msituni. Mwembe hauwezi kujificha. Ukiuona mwembe mkubwa peke yake porini, ujue palikuwa na mtu aliyekula embe akaitupa kokwa, au aliyeipanda kwa makusudi akitegemea kwamba watoto wake watakula.

Basi mji huo ulitoka wapi?

Ulitoka barabarani. Misafara ya Waarabu na Waswahili wa pwani ilipofika Ujiji, ilivuka Ziwa Tanganyika, ikashuka Mtowa, ikaja Kabambare, kisha Kasongo, kisha Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Kabambare haikuwa kando ya historia hiyo. Ilikuwa mlango wake. David Livingstone aliingia Kabambare, aliyoiandika Bambarre, mwezi Septemba 1869. Baadaye, katika mwaka 1870, vidonda vya miguu vilimlaza hapo miezi mingi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ameandika mwenyewe kwamba katika muda aliokaa Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Wapendwa wa Kabambare, kabla hakujakuwa na kanisa hata moja kwenu, kulikuwa na mzee mmoja mgonjwa chini ya paa la nyasi akisoma kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo, akimaliza anaanza tena. Na aliyemuuguza, aliyempa chakula na kumpeleka njiani, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa aitwaye Muhammad bin Gharib. Livingstone aliuchukia utumwa kwa moyo wote, na bado aliishi kwa wema wa mtu aliyeufanya. Tusilipite jambo hili upesi, kwa maana nchi yetu yote imefumwa namna hiyo.

Kilichowavuta watu wa pwani ni pembe. Tembo walikuwa wengi Manyema, na watu wa hapa hawakuwa na sababu ya kuthamini pembe zake kama zilivyothaminiwa Ulaya, Marekani na Bara Hindi, ambako zilichongwa kuwa vitana, bangili, vitufe vya piano na mipira ya kuchezea mezani. Mfanyabiashara alichukua nguo, shanga na bunduki kwa mkopo Unguja. Tippu Tip, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikopeshwa na tajiri Mhindi aitwaye Taria Topan. Deni lilimngoja kule pwani, na kila mwezi aliokaa huku alihitaji kurudi na pembe za kulilipa. Mahali biashara ilipokwenda kwa amani, alinunua. Mahali haikwenda, bunduki zilitumika. Pembe ikiisha kupatikana, lilibaki swali la nani ataibeba.

Tippu Tip alifika Kasongo katikati ya miaka ya 1870 na kuifanya makao yake. Watu wa pwani walikuwa wametangulia hapo, lakini yeye ndiye aliyeufanya kuwa mji mkuu. Mwaka 1876 Stanley alipita akakutana naye, akamwomba amsindikize kuelekea kaskazini, na mwaka 1887 Stanley huyohuyo alimfanya mkuu wa Stanley Falls, ambayo ni Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme Leopold. Kwa miaka hiyo ishirini hivi Kasongo ilikua. Mashamba ya mpunga yalifuata mabonde, na mahindi, muhogo na miwa vililimwa. Mipera, mikomamanga na michungwa ilipandwa. Palikuwa na mafundi wa kila namna. Mtu aliweza kutoka porini, siku nyingi bila kuona kitu ila miti, akaingia mahali penye watu wenye kanzu safi, wanaojua kusoma na kuandika, wanaotumiana barua na Unguja.

Daktari mmoja Mwingereza, Sidney Hinde, aliingia Kasongo pamoja na askari waliouteka, akaandika alichokiona. Twende naye kama tulivyokwenda na Ezekieli. Aliona vitanda vyenye magodoro ya hariri na vyandarua. Aliona sukari, mishumaa, viberiti, bilauri za fedha na za kioo. Askari waliotembea miezi mingi wakila walichookota, walilala usiku ule juu ya hariri. Kisha anahesabu ghala: baruti tani kumi hivi, fataki zisizohesabika, risasi za kila aina ya bunduki, na pembe za tembo karibu tani 25.

Hebu tusimame kwenye hizo tani 25, kwa maana hapo ndipo daftari linaanza kusema kwa sauti nyingine.

Tani 25 ni kilo 25,000. Mzigo wa mpagazi katika safari ndefu ulikuwa kama kilo 30, zaidi kidogo au pungufu. Gawanya, utapata mizigo kama 830. Hapakuwa na gari wala reli, na njia ya msitu haikuwa ya punda. Kila mzigo ulihitaji bega la mtu, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, mpaka ziwani, kuvuka, kisha kutoka Ujiji kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Kwa hiyo ghala hilo moja, ambalo ni shehena ya siku moja tu katika maisha ya mji, lilikuwa linangoja watu mia nane na zaidi. Wengine wangekuwa wapagazi wa kulipwa, kwa maana Wanyamwezi wengi walifanya kazi hiyo kwa mshahara, na si haki kusema kila aliyebeba pembe alikuwa na mnyororo. Lakini wengi wa watu wa hapa, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Wabuyu na wengine, hawakuulizwa. Walitolewa katika vijiji vilivyochomwa. Waliobeba pembe waliuzwa njiani au mwishoni, au walibaki wakilima mpunga uliolisha mji. Na chakula cha wapagazi nacho kilitoka katika mashamba ya mtu fulani.

Sasa fungueni Ufunuo sura ya 18, mistari ya 12 na 13. Pale wafanyabiashara wa dunia wanamlilia Babeli kwa sababu hakuna tena wa kununua mizigo yao. Daftari linasomwa tena: dhahabu, hariri, vyombo vya pembe, mvinyo, mafuta, ngano, ng'ombe, magari. Kitu cha mwisho kabisa katika orodha ni miili na roho za wanadamu. Yohana amekiweka mwisho. Wachuuzi wenyewe pengine wangekiweka mahali popote, lakini yeye anatufanya tupite kwenye hariri yote kwanza, tuone uzuri wake, ndipo tufike kwenye roho za watu. Hatuoni jinsi nyingine ya kuingia Kasongo Tongoni ila hiyo.

Hata kabla ya Kasongo kufikia kilele chake, Nyangwe ilikuwa imeonyesha jambo hilo mchana kweupe. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa. Wanawake walivuka Lualaba kwa mitumbwi wakileta samaki, muhogo, vyungu, mafuta ya mawese na kuku, na kwa desturi soko lilikuwa mahali pa amani hata kwa makabila yenye ugomvi. Tarehe 15 Julai 1871 walikuwa hapo watu kama 1,500. Watu wachache wenye bunduki, wa kundi la mfanyabiashara Dugumbe, waliingia sokoni. Kukawa na ugomvi wa bei ya kuku. Wakaanza kupiga risasi, kwanza katikati ya soko, kisha juu ya mitumbwi ambako akina mama walikuwa wakisukumana wapate kukimbia. Wengi walizama. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea, na baada ya siku chache aliondoka kurudi Ujiji. Habari ile ilipofika Uingereza ilizidisha kelele dhidi ya soko la watumwa la Unguja, nalo likafungwa mwaka 1873. Lakini Nyangwe iliendelea miaka mingine ishirini.

Mji unaweza kuendelea muda mrefu sana baada ya hukumu yake kuonekana. Sisi wahubiri tunapenda kusema dhambi ikitendwa leo, radi inapiga kesho. Manyema haikuwa hivyo. Mtoto aliyenusurika sokoni mwaka 1871 alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake ulipofika mwisho.

Mwisho ulikuja kutoka magharibi. Tippu Tip alikuwa ameondoka kurudi Unguja mwaka 1890, akamwachia Kasongo mwanawe Sefu. Dola la Leopold, ambalo babu zetu waliliita Bula Matari, lilikuwa linataka pembe zilezile zishuke mto Kongo badala ya kwenda Bagamoyo. Pembe ni moja na njia ni mbili, kwa hiyo vita vilikuwa vinangoja sababu tu. Sababu ilipatikana kwa Ngongo Lutete, mkuu wa vita wa upande wa Lomami, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip akageuka akajiunga na Bula Matari mwaka 1892. Sefu alivuka kwenda kumdai.

Wakati huo Kasongo ilikuwa na Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, wawakilishi wa Dola, ambao sasa walikuwa mateka. Sefu alimchukua De Bruyne mpaka ukingo wa mto azungumze na Wabelgiji wenzake waliokuwa ng'ambo. Walimwuliza kwa lugha yao kama anajua kuogelea, kwa maana wangeweza kumlinda kwa bunduki akivuka. Alijibu kwamba hawezi kumwacha mkubwa wake Kasongo. Akarudi. Mwezi Desemba 1892 wote wawili waliuawa. Hatupendi kusifu watu wa Leopold, na mtasoma sababu zetu hapo chini, lakini kijana huyo tunamtaja.

Jeshi la Bula Matari likiongozwa na Dhanis lilifika ukingoni mwa Lualaba, mkabala na Nyangwe, likakaa hapo wiki kadhaa. Hawakuwa na mitumbwi. Mto ni mpana, na mitumbwi yote ilikuwa ya Wagenya, wenyeji wa mto, waliokuwa wakivusha kila mtu na kuonewa na kila mtu. Wagenya walikubali kuivusha, na tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ilichukuliwa karibu bila kupigana. Ndivyo tunavyoona sisi: mji uliojengwa kwa bunduki uliangushwa na kafi. Tarehe 22 Aprili 1893 waliingia Kasongo. Hapakuwa na kuzingirwa kwa muda mrefu. Watu walikimbia wakaacha chakula jikoni na magodoro vitandani, na mji wa miaka ishirini ukabadili mwenyewe kwa siku moja.

Rumaliza alikuja kutoka Ujiji kujaribu kuukomboa. Sefu aliuawa vitani Oktoba 1893. Katikati ya Januari 1894 kombora moja la mzinga lilitua juu ya paa la nyasi ndani ya boma la Rumaliza, moto ukaruka kutoka paa hadi paa, na boma likateketea pamoja na watu wengi. Tarehe 25 Januari 1894 Kabambare ikachukuliwa. Mlango ulioingiza misafara ulifungwa. Tippu Tip hakuiona tena Manyema. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, akafa Unguja mwezi Juni 1905.

Sasa, wapendwa, hapa ndipo mahubiri mengi yangekoma. Tungesema: mji wa watumwa ulianguka, Mungu alipiga, haleluya. Tumesikia mahubiri hayo, hata redioni, na hatukubaliani nayo. Tazameni nani alichukua zile tani 25. Hazikurudishwa kwa waliochomewa vijiji. Zilishuka mto zikauzwa kwa faida ya Dola. Na Ngongo Lutete, ambaye watu wake ndio waliopigana mbele kwa ajili ya Bula Matari, alishitakiwa uhaini na Bula Matari huyohuyo akapigwa risasi Septemba 1893, hata mwaka haujaisha tangu aungane nao. Baada ya pembe ikaja kazi ya kulazimishwa, na mpira wa msituni, na kiboko. Baadhi ya askari wa asili ya kwetu waliona hayo wakaasi, na katika mwaka 1898 waasi hao waliiteka Kabambare kabla ya kushindwa. Habakuki sura ya 2 inatangaza ole juu ya mtu anayejenga mji kwa damu, na nabii hasemi ni mtu wa dini gani wala wa rangi gani. Babeli, aliyekuwa fimbo ya Mungu katika sura ya kwanza, ndiye anayetangaziwa ole katika sura ya pili. Anayetumiwa kuangusha hajahesabiwa haki kwa sababu hiyo.

Tena kuna jambo linalotugusa karibu zaidi. Mara nyingi tunapozungumza habari hizi tunasema "wao", tukimaanisha Waarabu, au jirani zetu Waislamu, kana kwamba tunaishi Kasongo kama wageni. Lakini wengi wa watu wenye bunduki katika misafara hiyo hawakuwa Waarabu. Walikuwa vijana wa hapahapa, waliokamatwa wakiwa watoto, wakalelewa katika msafara, wakavikwa kanzu na kupewa bunduki, wakaitwa waungwana, kisha wakatumwa kukamata wengine. Ngongo Lutete mwenyewe inasemekana alianza hivyo. Katika ukoo mmoja wa Maniema unaweza kumkuta babu aliyefungwa mnyororo na babu aliyeushika. Tukiinua maombolezo ya Kasongo, ni nani kati yetu atakayejua kwa hakika yumo katika upande gani wa daftari?

Kwa hiyo tunaomboleza vyote viwili. Tunaombolezea uzuri, kwa maana mji ule ulikuwa na uzuri: michungwa ilichanua, mafundi walikuwa na mikono yenye akili, watu walijua kuandika katika lugha yao kabla shule ya kwanza ya Mzungu haijaezekwa. Yesu aliulilia Yerusalemu katika Luka 19 huku akijua ulivyowaua manabii. Na tunawaombolezea wale mia nane wa ghala lile, na mama wa Nyangwe wenye kuku wao, ambao hakuna aliyeandika jina la hata mmoja wao. Majina ya Waarabu yameandikwa. Ya Wabelgiji yalichongwa mawe huko Ulaya.

Kasongo ya pili, ile ya wakoloni, nayo imezeeka mbele ya macho yetu. Ilianza kupungukiwa mapema, hata kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Reli ya kutoka Kindu kwenda Kongolo, iliyomalizika mwaka 1911, ilipita upande wa magharibi wa Lualaba. Tangu hapo mzigo wa Kasongo unapaswa kwenda kutafuta mto na kituo cha Samba, na biashara iliyokuwa ikipita mlangoni petu ikapita mbali. Kabambare, iliyokuwa mlango kutoka ziwani, ikawa mwisho wa barabara. Vita vya 1964 na vile vya tangu 1996 vilibomoa palipokuwa pamebaki kitu cha kubomoa. Leo gari likitoka Kabambare wakati wa mvua, kufika kwake ni habari ya kutangazwa. Mnazijua nyumba za matofali zenye baraza ambazo bati zake zimetoboka na mti umeota sebuleni. Matofali yanachelewa kuliko udongo, lakini njia ni ileile: paa kwanza.

Mpunga haukuhama. Watu wa pwani waliuleta kwa ajili ya kulisha misafara, watumwa waliulima, na misafara ilipokwisha watumwa wale walibaki na mbegu mkononi na ujuzi wa kuzipanda. Maniema ikawa nchi ya mchele. Kila harusi yetu, kila matanga, kila kongamano la kanisa, sahani ya wali inapowekwa karibu na sombe, tunakula kilichotoka katika mashamba yale. Na Kiswahili nacho hakikuhama. Kilikuja kama lugha ya amri na bei, kikafundishwa watoto waliotolewa kwa mama zao, ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana wao kwa wao. Walioaga dunia Tongoni walilia kwa lugha hiyo, na ndiyo tuliyoisomea Ezekieli asubuhi hii.

Katika miaka ya karibuni watafiti wa mambo ya kale wamefika Kasongo Tongoni kupima na kuchimba. Kwa wenyeji haikuwa habari mpya. Mtu analima karanga, jembe linagonga, anainama, anaokota kigae chenye michoro pembeni, anakigeuza mara moja, anakiweka kando ya shamba pamoja na vingine, anaendelea na mstari wake kabla jua halijawa kali.